Mzigo Mmoja Usiolipwa

Jasi ya Itigi huenda kwenye viwanda vya saruji, ambako husagwa pamoja na klinka ili saruji isigande kabla fundi hajamaliza kuitumia. Mchimbaji mdogo mara nyingi humpa mzigo mfanyabiashara wa kati kwa mali kauli, naye huahidi kulipa kiwanda kikimlipa. Hapo mtaji huanza kupungua, na mwenyewe hashtuki kwa sababu malori bado yanaondoka.

Tuchukue mfano. Lori la tani 30 kwa shilingi 60,000 kila tani ni 1,800,000. Ukitoa vibarua, mafuta na upakiaji, tuseme faida ni 200,000. Mzigo huo usipolipwa, shilingi 1,600,000 zimekwisha kutoka mfukoni, na itabidi malori manane yalipwe yote ndipo zirudi. Anayepakia mzigo wa pili na wa tatu juu ya deni hilo anazidi kuchimba shimo lake.

Kumbusho la kwanza litumwe siku chache kabla ya tarehe ya malipo, likiwa na namba ya ankara na karatasi ya mizani. Uliza jambo moja: kuna tatizo lolote na mzigo? Kisingizio cha kawaida ni kwamba kiwanda kimekata bei kwa unyevu au uchafu. Kikitajwa siku hiyo, majibu ya maabara yanaweza kudaiwa. Kikitajwa baada ya miezi mitatu, jasi imeshasagwa na hakuna cha kupima.

Tarehe ikipita, piga simu ndani ya wiki, kwa heshima, lakini usikubali jibu lisilo na siku wala kiasi. Asiye na fedha kwa kweli hutaja kiasi kidogo na kukileta. Anayekwepa huahidi zote, kesho.

Huyo wa kwanza anastahili mpango wa awamu. Kwa deni la milioni 5.4, yaani malori matatu, alipe milioni 1.4 sasa na milioni moja kila mwezi kwa miezi minne. Mpango uandikwe, na mdaiwa akiri deni kwa sahihi yake: madai ya mkataba mahakamani yana ukomo wa miaka sita, na ukiri wa maandishi uliotiwa sahihi kabla ya muda huo kwisha hufanya muda uanze kuhesabiwa upya.

Mali kauli isimame hadi deni liishe, lakini biashara iendelee: lori jipya lilipwe taslimu kabla ya kushushwa. Wengi Itigi huogopa kusema hivyo, wakidhani mteja atahamia kwa jirani. Wapo watakaohama kweli, hasa jirani akiwakopesha. Lakini anayebaki kwa sharti la kukopeshwa tena bila kulipa deni la zamani ameshaacha kuwa mteja, hata kama bado anapiga simu kila asubuhi.

Awamu ya pili ikikosekana bila taarifa, peleka barua ya madai yenye siku 14, kisha nenda mahakamani.