Wasifu wa DevOps Ujibu Tangazo

Wahandisi wengi wa huduma za wingu huanza wasifu wao kwa safu ya majina: Docker, Kubernetes, Terraform, Jenkins, AWS. Mwajiri akimaliza kuyasoma anakuwa bado hajajua lolote, kwa sababu aliyejenga mfumo mzima na aliyetazama video za mafunzo wanaweza kuandika majina yale yale. Tangazo lenyewe, ukilisoma taratibu, mara nyingi huuliza mambo matatu: programu inafikaje kwenye seva, seva hizo zinaundwaje, na mfumo ukianguka usiku ni nani anayeamka.

Tuseme kampuni ya malipo inamtaka mtu wa kujenga paiplaini kwa GitLab CI, kusimamia AWS kwa Terraform na kuongoza uchunguzi baada ya hitilafu. Mwombaji wetu ametumia Jenkins tu.

Asikate tamaa, wala asiandike GitLab kwa uongo. Paiplaini ni mfululizo wa hatua zinazojiendesha: msimbo ukibadilishwa, programu inajengwa, inapimwa, kisha inapelekwa kwenye seva bila mtu kunakili mafaili kwa mkono. Jenkins husoma maelekezo yake kwenye `Jenkinsfile`, GitLab kwenye `.gitlab-ci.yml`, lakini mawazo ni yale yale. Badala ya "ninajua Jenkins", aandike hivi: "Nilijenga paiplaini ya Jenkins kwa huduma sita, jaribio likifeli toleo haliendi mbele, na kurudisha toleo la awali huchukua dakika tano." Msomaji anaona kazi, na kujifunza chombo kipya kunabaki jambo dogo.

Terraform ndipo wengi wanaponaswa. Kuna tofauti kubwa kati ya kubofya kwenye tovuti ya AWS hadi seva itokee, na kuieleza seva hiyo kwenye mafaili ambayo wenzako wanayakagua kabla hayajatekelezwa. Mhoji mzoefu atauliza swali moja: faili la hali, yaani kumbukumbu ya kile ambacho Terraform imekwisha kukiunda, mlilihifadhi wapi? Aliyefanya kazi na timu atajibu kwamba lilikaa mahali pa pamoja, kwa mfano S3, likiwa na kufuli ili watu wawili wasibadilishe miundombinu kwa wakati mmoja. Aliyejifunza peke yake mara nyingi atasema lilikuwa kwenye kompyuta yake. Halafu kuna kipimo cha ukweli. Ukiendesha `terraform plan` kwenye mfumo unaotunzwa vizuri, bila badiliko linalosubiri, unapata jibu hili:

```
No changes. Your infrastructure matches the configuration.
```

Mtu akiwa amebadilisha kitu kwa mkono, tofauti huonekana hapo. Kwa hiyo sentensi yenye uzito kwenye wasifu ni kama hii: "Niliingiza kwenye Terraform mtandao na hifadhidata zilizoundwa kwa mkono, hadi `terraform plan` ikawa haionyeshi tofauti." Anayeijua kazi hii atataka kukuona.

Kwenye hitilafu, chunga kitenzi. Tangazo linaposema "kuongoza", nawe ukaandika "nilishiriki", umejishusha; ukiandika "niliongoza" ilhali ulikuwa msomaji wa ujumbe kwenye kundi, swali la pili litakuumbua. Simulia tukio moja kwa ukamilifu. Cheti cha usalama cha tovuti kimeisha muda saa tisa usiku na malipo yamekwama: nani alipokea simu, nani aliamua la kufanya, nani aliwaarifu wateja, na baadaye nani alihakikisha halijirudii? Vyeti vya kawaida vya Let's Encrypt vimekuwa vikidumu siku 90, hivyo dawa ni kuvihuisha kwa mashine na kuweka tahadhari siku kadhaa kabla. Kama ulirejesha huduma na mwenzako akaandika ripoti, sema hivyo. Kwa maoni yangu hatua hiyo ya mwisho ndiyo inayomtofautisha mwenye dhamana na mzima moto, na ndiyo inayosahaulika zaidi kwenye wasifu. Muda uliotumika utaje tu kama unaweza kueleza ulivyopimwa.

Jambo la mwisho ni la hatari. Wengi huweka kiungo cha hazina yao ya msimbo iliyo wazi kwa umma, na ndani yake limebaki faili la `terraform.tfstate`. Faili hilo linaweza kuwa na nywila za hifadhidata katika maandishi ya kawaida. Mwajiri akiliona, maombi yako yameishia hapo. Kulifuta hakutoshi, kwa kuwa Git hutunza historia yote. Likague leo, kabla hujatuma maombi, na ukilikuta, anza kwa kubadilisha nywila hizo.