Njia ya Ziada ya Umeme wa Moyo na Dawa Zinazoigeuza Kuwa Hatari

Katika moyo wa kawaida, umeme unaoanzia vyumba vya juu una njia moja tu ya kushukia vyumba vya chini. Njia hiyo hupitia kifundo kidogo kilicho katikati ya moyo, ambacho huuchelewesha umeme kwa takriban sehemu moja ya kumi ya sekunde ili vyumba vya juu vimalize kusukuma damu. Kwingineko, tishu isiyopitisha umeme hutenganisha juu na chini. Watu wachache huzaliwa na uzi mwembamba wa msuli unaovuka kizuizi hicho. Mwaka 1930 madaktari Louis Wolff, John Parkinson na Paul Dudley White walieleza habari za wagonjwa 11 wenye mchoro wa moyo wa aina hiyo na vipindi vya mapigo ya mbio, na hadi leo hali hiyo huitwa WPW, kwa herufi za majina yao.

Uzi huo hauchelewishi kitu. Umeme unaopita humo hutangulia kufika chini na kuanza kuamsha msuli wa jirani, lakini huenea polepole kwa sababu uko nje ya mtandao wake wa kawaida. Mara ule wa kifundo nao unafika na kumalizia kazi. Kwenye karatasi ya ECG, muda kutoka mwanzo wa wimbi la P hadi mwanzo wa QRS huwa chini ya sekunde 0.12, yaani pungufu ya miraba midogo mitatu. QRS hupanuka, na mwanzo wake hupanda kwa mteremko badala ya kusimama wima. Mteremko huo ndio wimbi la delta. Kwa baadhi ya watu alama hizi huonekana leo na kesho zisionekane, kwa hiyo ECG moja iliyo safi haitoshi kusema uzi haupo.

Wengi wa watu hawa huishi bila shida kubwa. Hatari huja vyumba vya juu vinapoanza kupapatika ovyo, vikitoa umeme mara 350 hadi 600 kwa dakika. Kifundo kina tabia ya kuokoa maisha: kadiri kinavyoharakishwa ndivyo kinavyozidi kuchelewesha, na umeme mwingi huishia hapo. Njia ya ziada haina tabia hiyo. Ikiwa ni ya aina inayopumzika kwa muda mfupi sana kabla ya kupokea umeme tena, hupitisha sehemu kubwa ya vurugu hiyo moja kwa moja.

Tuseme kijana wa miaka 26 anafikishwa hospitali akiwa na kizunguzungu, na mapigo yake ni 220 kwa dakika. ECG yake inaonyesha QRS pana zinazobadilika umbo, na nafasi kati yake hazilingani. Mraba mdogo mmoja ni sekunde 0.04, nafasi fupi kuliko zote ni miraba mitano, yaani sekunde 0.20, sawa na kasi ya 300 kwa dakika. Nafasi isiyozidi sekunde 0.25 ni onyo kwamba vyumba vya chini navyo vinaweza kuanza kupapatika, na hapo damu haisukumwi tena. Daktari akidhani kwamba mbio hizo zinatoka vyumba vya chini, kosa lake si baya sana, kwani mshtuko wa umeme husaidia hali zote mbili. Kosa baya ni kuona mapigo yasiyolingana, kudhani ni mpapatiko wa kawaida, na kutoa dawa ya kukipunguza kasi kifundo.

Verapamili na diltiazemu hukizuia kifundo na kuiachia njia ya ziada uwanja. Zaidi ya hayo, hushusha shinikizo la damu, mwili hujibu kwa kumwaga adrenalini, na adrenalini huifanya njia ya ziada ipitishe umeme kwa kasi zaidi. Digoksini inaweza kuufupisha muda wa kupumzika wa njia hiyo yenyewe. Adenosini, dawa za kuzuia beta kama metoprololi, na amiodaroni ya kuchoma kwenye mshipa nazo huepukwa katika hali hii. Adenosini huwachanganya wengi, maana hutumika kwa mtu huyohuyo mapigo yake ya mbio yakiwa yamelingana na QRS zikiwa nyembamba. Hapo umeme unazunguka kupitia kifundo, na kukizuia hukata mzunguko. Hata hivyo mashine ya mshtuko huwekwa karibu, kwa sababu dawa hiyo yenyewe inaweza kuanzisha mpapatiko.

Kijana huyo, shinikizo lake likiwa limeshuka au akianza kupoteza fahamu, hupewa mshtuko uliolinganishwa na mapigo bila kusubiri dawa. Akiwa imara, prokainamidi au ibutilidi inaweza kutumika, kwa kuwa hizo huidhibiti njia ya ziada yenyewe. Baadaye huingizwa mrija mwembamba kupitia mshipa wa paja na kuuchoma uzi huo kwa joto, tiba inayofaulu kwa zaidi ya wagonjwa 9 kati ya 10. Uzi ukishakufa, mpapatiko ukirudi hutibiwa kama wa mtu mwingine yeyote, verapamili ikiwemo.