Siri ya Mteja na Wajibu wa Wakili Mahakamani

Mteja akimwambia wakili wake, "Hati ile niliighushi mimi, naomba unitetee," wakili haruhusiwi kuyatoa maneno hayo bila ridhaa ya wazi ya mteja. Lakini akisema, "Hati hii nimeighushi, nifungulie kesi nilipate shamba," kinga haipo tena. Kumtetea mtu mwenye hatia si kosa. Kuidanganya mahakama ili kupora shamba ni kosa, na sheria hailindi mazungumzo ya kulipanga.

Tofauti hiyo ilifafanuliwa kwa mifano kama hiyo katika Sheria ya Ushahidi ya India ya mwaka 1872, iliyowahi kutumika pia Afrika Mashariki. Nchini Kenya, kanuni yenyewe leo imo katika kifungu cha 134 cha Sheria ya Ushahidi. Kinga ni mali ya mteja, wala si ya wakili. Inawafunga pia karani na mkalimani waliokuwepo, na haikomi kesi ikiisha.

Mpaka wa kinga unaonekana vizuri zaidi kwenye daftari la hesabu. Tuseme mhasibu wa chama cha ushirika ameshtakiwa kwa wizi wa fedha. Anamweka wakili na kumwonyesha daftari. Wiki chache baadaye wakili analifungua tena na kukuta mstari mpya, unaoonyesha kwamba fedha zile zilikwisha andikwa kuwa deni la mhasibu. Aliyoelezwa na mteja kuhusu wizi wa awali yanabaki siri. Mstari ule haulindwi, kwa sababu ni dalili ya udanganyifu uliofanywa baada ya wakili kuanza kazi, naye ameuona kwa macho yake, hata kama hakuna aliyemwonyesha. Daftari lenyewe pia halikupata kinga kwa kukabidhiwa wakili, kwani lilikuwepo kabla yake.

Hapo ndipo wajibu kwa mahakama unapobana. Mhasibu aliyekiri faraghani bado anaweza kukana shtaka, kwa kuwa mzigo wa kuthibitisha uko kwa upande wa mashtaka. Wakili wake anaweza kuwahoji mashahidi kwa ukali na kuonyesha kuwa ushahidi hautoshi. Hawezi kulitoa daftari lile kama kielelezo safi, kumsingizia karani mwingine wizi, wala kumleta shahidi aape jambo ambalo wakili anajua ni uongo.

Mteja akishikilia uongo huo, wakili kwanza anamshauri auache. Akikataa, wakili anaomba kujitoa, na ni hapa wengi huteleza: kumweleza hakimu kwamba "mteja anataka niseme uongo" ni kuivunja siri ileile. Inatosha kusema kwamba hawezi kuendelea kwa sababu za kitaaluma, kisha faili na nyaraka za mteja zikabidhiwe mapema ili apate wakili mwingine kabla ya tarehe ya kusikilizwa.