Umeamka na homa, umpigie nani?

Mwandishi wa video ya kumkaribisha mfanyakazi mpya hupewa kitabu cha kanuni kilichojaa sentensi za namna hii: "Mfanyakazi atakayeshindwa kufika kazini bila taarifa atachukuliwa hatua za kinidhamu." Ikisomwa hivyo mbele ya kamera, mgeni ataondoka na hofu, na bado hatajua akiugua afanye nini.

Anza na asubuhi ya mfanyakazi mwenyewe. Gawa ukurasa safu mbili, picha kushoto na sauti kulia. Kushoto andika: dada ameketi kitandani, simu mkononi. Kulia: "Umeamka na homa. Mpigie msimamizi wako kabla ya saa mbili. Ukifika hospitali, omba cheti cha daktari, na siku ukirudi kikabidhi ofisi ya rasilimali watu. Bila cheti hicho, mwajiri halazimiki kukulipa siku ulizokosa." Kanuni ni ileile, na adhabu haikufichwa. Kilichobadilika ni kwamba mtu anaambiwa la kufanya kabla ya kuambiwa litakalompata.

Upole una mtego wake. Nchini Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Habari njema hiyo kila mwandishi huipenda. Lakini sheria hiyohiyo kwa kawaida haimpi likizo yenye malipo mtu ambaye hajatimiza miezi sita kazini, na watazamaji wa video hii ndio hao hasa. Ukiwaambia "ukiugua tutakulipa" ukaishia hapo, umewadanganya kwa tabasamu. Waulize wakubwa kampuni inafanyaje katika miezi hiyo, kisha liseme waziwazi: "Miezi sita ya kwanza, utaratibu wetu ni huu." Mgeni akijua mapema hujipanga, akigundua siku ya mshahara, hataamini tena chochote mlichomwambia.

Majina na namba za simu zisisomwe na msimulizi. Ziwe maandishi kwenye skrini, maana msimamizi akihama hubadilishwa bila kurekodi sauti upya. Msimulizi asiyekimbia husoma maneno kama mia moja kwa dakika, kwa hiyo suala la ugonjwa linatosha katika dakika moja. Ufafanuzi mwingine ubaki kwenye kitabu cha kanuni, na video imwoneshe mahali kilipo.

Kabla ya kurekodi, msomee mtu asiyefanya kazi hapo, kisha umuulize: unampigia nani, kabla ya saa ngapi, unarudi na karatasi gani? Akijibu tu kwamba "hapa hawataki utoro", bado unahubiri. Rudi ukaiandike upya.