Uamuzi wa Saa Tisa Alasiri

Muuguzi anayehudumia wagonjwa kwa simu nchini Uskoti hamwoni mgonjwa wake. Anamsikiliza, anamuuliza maswali, kisha anakata shauri: huyu ajitunze nyumbani, au huyu ni lazima aonwe na mtaalamu leo hii. Akiweka simu chini, nyingine inaita.

Mwaka 2019, watafiti wakiongozwa na Julia Allan wa Chuo Kikuu cha Aberdeen walichapisha uchambuzi wa simu za namna hiyo, zilizopokelewa na wauguzi wapatao 150 wa huduma ya NHS 24. Walitazama jambo moja: muuguzi alikuwa amefanya kazi kwa muda gani tangu apumzike mara ya mwisho. Kwa hesabu yao, kila saa iliyopita bila mapumziko ilipandisha kwa asilimia 20 hivi mwelekeo wa kumwambia mpigaji aende kuonwa na mtu mwingine siku hiyohiyo. Ugonjwa haujui muuguzi amekunywa chai saa ngapi. Aliyebadilika ni mwamuzi.

Hiyo ndiyo sura halisi ya uchovu wa maamuzi, na ndiyo sababu watu wengi hawautambui. Hausinzishi. Hauleti hata maamuzi ya ajabu ajabu. Unamsukuma mtu kwenye jibu ambalo halimgharimu kitu kwa wakati ule: mpeleke kwa mwingine, kubali yaishe, kataa yaishe, au “tuliangalie wiki ijayo.” Kila moja ya majibu hayo, ukilitazama peke yake, lina busara yake. Kosa linaonekana tu pale unapoyapanga kwa saa na kukuta kwamba yote yamerundikana upande mmoja wa siku.

Madaktari nao hawakusalimika. Utafiti wa vituo 23 vya eneo la Boston, Marekani, uliochapishwa mwaka 2014, ulifuatilia wagonjwa wa mafua, kikohozi na koo. Kadiri saa za zamu zilivyosonga, ndivyo madaktari walivyozidi kuandika antibayotiki, hata kwa magonjwa ambayo dawa hizo haziyasaidii. Kumweleza mgonjwa kwa nini hapewi dawa kunahitaji dakika kadhaa na subira. Kuandika cheti ni kazi ya kalamu tu. Baada ya chakula cha mchana mwelekeo huo ulishuka, kisha ukaanza kupanda upya.

Hapa niseme neno kuhusu utafiti unaotajwa kila mara mada hii inapozuka, ule wa bodi za parole za Israeli wa mwaka 2011. Ulionyesha kwamba wafungwa waliosikilizwa mwanzoni mwa kikao walikubaliwa kwa kiwango cha asilimia 65 hivi, na waliosikilizwa mwishoni, kabla ya majaji kwenda kula, walikaribia kukosa kabisa. Ni hadithi tamu mno. Muda si mrefu wakosoaji walionyesha kwamba mpangilio wa kesi haukuwa wa bahati nasibu: wafungwa wasio na wakili, ambao mara nyingi hushindwa, walielekea kuwekwa mwishoni. Njaa ya majaji huenda ilichangia, lakini haiwezi kubebeshwa mzigo wote ule. Vivyo hivyo kwa Barack Obama, aliyewahi kusema kwamba alivaa suti za kijivu au bluu tu ili apunguze mambo ya kuamua. Shati moja la asubuhi halimharibii mtu alasiri yake. Kinachochosha ni msururu wa maswali ya kazini yanayokuja moja baada ya jingine, kila swali likiwa na mtu amesimama mbele yako anasubiri jibu.

Mchukue mwalimu mkuu wa shule ya msingi. Kengele haijagonga, mwalimu mmoja anaomba ruhusa ya kwenda msibani. Mpishi anauliza kama leo wapike maharage au kunde. Mzazi anataka kumchukua mwanawe kabla ya saa za kutoka. Fundi wa madawati anadai misumari ya shilingi elfu nane. Hakuna hata moja kati ya hayo lililo gumu, ila yote yanapita kwake. Saa nane na nusu mchana kamati ya shule inakaa kuchagua fundi wa kukarabati vyoo, na mezani kuna makadirio matatu ya bei. Mmoja ametaja bei ya chini lakini hakuhesabu bomba. Wa pili ni yule wa mwaka jana. Wa tatu ni ghali, ila ameandika kila kifaa. Kichwa kilichochoka hakitasoma mistari ya bomba. Kitamchukua wa bei ya chini, au wa mwaka jana, au kitaahirisha kikao.

Dawa yake inaanzia kwenye daftari. Kwa wiki moja mwalimu mkuu aandike kila anachoulizwa na saa aliyoulizwa. Ataona kwamba maswali yaleyale yanajirudia, na yanayojirudia ndiyo ya kuondoa, kwa sababu jibu lake linajulikana tayari. Menyu ibandikwe ukutani Jumatatu kwa wiki nzima. Matumizi yasiyozidi shilingi elfu kumi aidhinishe mwalimu wa stoo, na risiti ikaguliwe Ijumaa. Ruhusa ya siku moja itoke kwa mwalimu wa taaluma, mradi mwombaji awe amepata wa kumshikia vipindi. Yanayobaki yasubiri nyakati mbili, mapumziko ya saa nne na yale ya mchana, badala ya kukatiza kila dakika.

Kwa lile la vyoo, vigezo vya kumpata fundi viandikwe asubuhi, kabla bahasha hazijafunguliwa: vifaa vyote vimetajwa? Kazi itaisha siku ngapi? Amewahi kujenga choo cha shule? Alasiri kamati itakuwa na kazi ya kulinganisha tu, na kulinganisha kwa vigezo vilivyokwisha kuandikwa ni kazi nyepesi kuliko kuvibuni ukiwa umechoka. Kabla ya kikao apumzike dakika ishirini, ale, asiulizwe neno.

Utaratibu huu una mipaka. Mtoto aliyekuja na jeraha lisiloelezeka hahukumiwi kwa tangazo la ukutani. Kanuni ni za mambo yanayofanana, na akili iliyookolewa ni ya mambo yasiyofanana. Pia ule mzubao wa baada ya chakula cha mchana una sababu nyingine kabisa: saa ya mwili yenyewe hushusha uchangamfu wakati huo, na aliyelala saa tano usiku kucha hatakombolewa na menyu. Na wauguzi wa Uskoti hawawezi kutuambia kama kilichowachosha ni idadi ya maamuzi au urefu wa kazi, maana viwili hivyo vilikwenda pamoja. Wanachotuambia wazi ni kwamba kupumzika kulirudisha hali.

Kwa hiyo kama una mamlaka juu ya ratiba, anza na hilo kabla ya menyu na kabla ya suti: hamisha kikao cha fedha kutoka saa nane mchana kwenda saa tatu asubuhi. Na kama huna mamlaka hayo, omba mapumziko yawekwe kabla ya ajenda iliyo nzito, si baada yake.