Milango Kumi na Moja Iliyokataliwa: Nani Alipe?

Tuchukue karakana ya samani ya Keko, Dar es Salaam, iliyopata kazi ya kutengeneza milango 60 ya mninga kwa ajili ya hoteli. Hesabu ni za mfano, ila kazi yenyewe ni ya kila siku. Kila mlango unakula mbao, gundi na vanishi za Sh 160,000, na ujira wa mafundi Sh 50,000. Halafu kuna pango, umeme, mlinzi na kunoa visu vya mashine. Hizo ni gharama za uendeshaji, na kwa kuwa huwezi kujua mlinzi alilinda mlango upi, karakana huzigawa kwa kila kazi kwa kiwango cha asilimia 80 ya ujira: Sh 40,000 kwa mlango. Mlango mmoja ni Sh 250,000, na kadi ya kazi nzima inasomeka Sh 15,000,000.

Siku ya ukaguzi msimamizi anakataa milango 11. Haijafa. Ikirekebishwa itauzwa bei ileile kama wenzake, na ndiyo maana mhasibu huita bidhaa hizi zenye kasoro, si zilizoharibika. Mlango uliopasuka katikati ukauzwa kwa bei ya kutupa ungekuwa na hesabu nyingine kabisa. Marekebisho ya kila mmoja ni msasa, thina na vanishi Sh 12,000, ujira Sh 10,000 na mgawo wa uendeshaji Sh 8,000, jumla Sh 30,000. Kwa milango yote 11 ni Sh 330,000, na mtu fulani lazima azibebe.

Wengi wangeziandika zote kwenye kadi ya hoteli na kuendelea na kazi. Ni rahisi, na ni kosa, kwa sababu milango hiyo haikukataliwa kwa sababu moja.

Mitatu ilikuwa na matone ya vanishi na vumbi lililogandia kabla haijakauka. Hilo hutokea hata fundi akiwa hodari. Kadi za kazi zilizopita zinaonyesha kwamba katika kila milango 100 mizuri, kama mitano hurudi mezani kwa sababu za namna hii. Kwa milango 60, mitatu inatarajiwa. Hii ndiyo kasoro ya kawaida: ungeweza kuiepuka tu kwa gharama kubwa kuliko kuirekebisha.

Minane iliyobaki ina kisa kingine. Mvua ilinyesha, paa la chumba cha kupulizia lilikuwa linavuja tangu mwezi uliotangulia, na kazi ikaendelea kwenye unyevu. Vanishi iligeuka nyeupe kama maziwa yaliyochanganywa na maji. Fundi alilazimika kuikwangua na kuanza upya. Paa lingezibwa kwa wakati, milango hiyo isingerudi. Hii ni kasoro isiyo ya kawaida.

Tuanze na ile mitatu, maana hapo ndipo watu hujikanyaga. Kwa kuwa matone na vumbi huikumba kazi yoyote ya karakana, iwe milango, makabati au vitanda, gharama yake haifai kubebeshwa hoteli peke yake. Inaingia kwenye gharama za uendeshaji na kusambazwa kwa wateja wote. Njia yake ni hii: mwanzoni mwa mwaka mwenye karakana alikadiria ujira wa Sh 30,000,000, gharama za uendeshaji Sh 23,000,000, na marekebisho ya kawaida Sh 1,000,000. Jumla ya hizo mbili za mwisho, Sh 24,000,000, ndiyo iliyozaa kile kiwango cha asilimia 80. Bila ile milioni moja kingekuwa karibu asilimia 77. Kwa hiyo hoteli imeshachangia marekebisho ya kawaida ndani ya ile Sh 40,000 ya kila mlango. Ukiiandikia tena Sh 90,000 za milango mitatu, umeitoza mara mbili.

Mambo yangebadilika kama kasoro ingetokana na matakwa ya kazi yenyewe. Tuseme hoteli ilitaka milango yenye upinde juu, na vipande vya upinde huachia kwenye maungio mara kwa mara hata vikigundishwa vizuri. Kasoro bado ni ya kawaida, ila ni ya kawaida kwa kazi hii tu. Mteja wa kitanda hana sababu ya kuichangia. Hapo Sh 90,000 zingeandikwa kwenye kadi ya hoteli, gharama ingefika Sh 15,090,000, na kila mlango Sh 251,500. Sharti ni kwamba kasoro za aina hiyo zisiwe zimekwisha kuhesabiwa ndani ya kiwango cha jumla.

Ile minane haiingii kwenye kadi wala kwenye uendeshaji. Sh 240,000 zake zinakwenda moja kwa moja kwenye hasara ya kipindi hicho, mwenye karakana azimeze. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu namba 2 kinasema hivyohivyo: vifaa, ujira na gharama nyingine za uzalishaji zilizopotea kupita kawaida haziruhusiwi kuwa sehemu ya thamani ya bidhaa. Kama milango ingekuwa bado stoo siku ya kufunga mahesabu, kuziongeza kungefanya paa bovu lionekane kama mali.

Mkataba wa bei maalumu hauifanyi tofauti hii ionekane haraka, kwani hoteli italipa kiasi kilichokubaliwa na mwenye karakana ataumia vyovyote vile. Athari yake huja kwenye zabuni inayofuata: akiitazama kadi iliyovimba kwa Sh 240,000, atataja bei kubwa na kumwachia jirani kazi. Mkataba wa gharama pamoja na faida ndio wenye hatari zaidi. Kama faida ni asilimia 20, hoteli ingelipa Sh 288,000 kwa ajili ya uvujaji huo, na karakana ingepata faida ya Sh 48,000 kutokana na uzembe wake. Mkaguzi wa mteja akiona hivyo, anayo haki ya kugoma.

Ugumu halisi uko kwenye kumbukumbu. Mafundi hupenda kurekebisha kimyakimya, kisha kadi inaonyesha tu kwamba vanishi imetumika nyingi. Dalili ipo kwenye hati za stoo: thina na msasa zikitolewa kwa kazi iliyokwisha kupita hatua ya kupulizia, ujue kuna kilichorudi. Dalili nyingine ni asilimia ya kawaida inayopanda kila mwaka, kutoka tano hadi saba, hadi tisa, huku mbao, mashine na mafundi ni walewale. Hapo kuna mtu anayeficha uzembe ndani ya neno kawaida, na wateja wote wanamlipia.

Baadhi ya waajiri hudhani njia ya mkato ni kumkata fundi mshahara. Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka masharti: hasara iwe imetokana na kosa la mfanyakazi mwenyewe, ajulishwe kwa maandishi chanzo, kiasi na namna kilivyokokotolewa, apewe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya mshahara wake. Pesa ikipatikana kwa njia hiyo, inapunguza ile hasara ya Sh 240,000, haigusi kadi ya hoteli. Na katika kisa hiki isingepatikana: paa la karakana si la fundi, na kuliziba haikuwa kazi yake.