Egzame deta: juma lipewe mada moja, siku ipewe kazi tatu

Wafinalisti wengi hapa Bukavu, wakianza kujitayarisha kwa egzame deta, wanaandika programu ya aina mbili. Wengine wanakata siku kwa masaa: saa kumi na moja jioni hesabu, saa kumi na mbili kemia, saa moja Kifaransa. Wengine wanaandika tu: "Juma hili, biolojia." Zote mbili zinaharibika, lakini kila moja kwa njia yake.

Programu ya masaa inavunjwa na maisha ya muji. Kura inakatika Panzi ao Kadutu bila kusema itarudi saa ngapi. Bomba likikauka, mtoto anatumwa na bidoni. Saa moja ikipotea, zote zinazofuata zinasukumana, na siku ya tatu mwanafunzi anaacha programu nzima. Ile ya "biolojia" haivunjwi na kitu, lakini pia haionyeshi kama kazi imeisha. Mtoto anafungua daftari, anasoma kurasa alizozizoea, na Jumamosi hakuna anayejua kama amepiga hatua.

Njia inayosimama ni kuchanganya zote mbili. Juma linapewa mada moja, tena ndogo: siyo somo zima, ni sura moja. Siku inapewa kazi tatu zisizo na saa, kila moja ya dakika 30 ao 40. Zinafanywa mwangaza ukiwepo: asubuhi mbele ya masomo, ao mchana kisha kurudi.

Tuchukue mfinalisti wa kemia-biolojia. Mada ya juma: urithi wa sifa, kwa kanuni za Mendel. Jumatatu anaandika: (1) kueleza kwa maneno yangu sifa inayotawala na inayojificha, bila kuangalia daftari, (2) kuchora jedwali la mbaazi za mbegu laini na za mikunjo, mpaka nipate 3 kwa 1 kwenye kizazi cha pili, (3) itemu 10 za jeografia.

Jumanne: mazoezi matano ya sifa moja, kurekebisha yale niliyokosa, na aya moja ya disertasio ya Kifaransa. Jumatano ni zamu ya sifa mbili pamoja, pale ambapo hesabu inatoa 9, 3, 3, 1. Alhamisi inabaki tupu kabisa. Ndiyo siku ya kupokea yale kura ao maji yaliyoiba. Ijumaa na Jumamosi anamaliza mazoezi magumu, na Jumapili anajipima kwa itemu 10 za ile sura, daftari likiwa limefungwa.

Angalia kazi ya tatu ya kila siku: haitoki kwenye mada ya juma. Hiyo ni juu ya egzame yenyewe. Sesio ya kawaida ina siku nne, na makundi manne: kiltire jenerali, masomo ya opsio, sayansi na lugha. Mwenye kukaa juma zima ndani ya Mendel peke yake, akirudi kwa jeografia kisha mwezi, ataikuta imetoroka kichwani. Kazi moja ndogo kila siku inaishikilia.

Je, programu iende mpaka wapi kwa udogo? Kesho iandikwe kamili. Juma hili liwe na mada na ile siku tupu. Majuma yanayofuata yapewe majina ya sura tu, kwa sababu hujui bado utakwama wapi. Kazi iandikwe kwa namna ambayo mama ao kaka mkubwa, hata kama hakusoma biolojia, anaweza kuuliza "Umemaliza?" na jibu likawa ndiyo ao hapana. "Kusoma Mendel" haijibiki. "Mazoezi matano" inajibika.

Kuna alama za kuonyesha programu imekosea kipimo. Kazi ikihamishwa siku mbili mfululizo, ni kubwa mno: ikate vipande viwili. Kuandika programu kukichukua zaidi ya dakika kumi jioni, umeingia mno ndani ya vidogo. Kazi zote zikiisha lakini Jumapili unapata 4 juu ya 10, basi ulikuwa unanakili, hukuwa unajaribu. Ile mada irudi juma linalofuata, hata kama programu inachelewa.

Njia hii ina mwisho wake. Mwezi wa mwisho mbele ya egzame, mada za juma ziachwe. Siku ile ya mtihani, maswali ya sura mbalimbali yanakuja pamoja na muda umehesabiwa. Kwa hiyo mwezi ule ni wa itemu za miaka iliyopita, zimechanganywa, saa ikiwa mezani. Makosa yatakayotokea hapo ndiyo yatakuwa kazi tatu za kesho yake.